TSH "kawaida" isikutoshe, mama: uliza na FT4

POSTI YA 1: Ugomvi wangu

Wamama wenzangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya, leo nimekuja na ugomvi. Sigombani na mtu, nagombana na sentensi moja ambayo nimeisikia mno kliniki na kwenye meseji mnazonitumia: "TSH yako ni kawaida, kwa hiyo thairoidi haina shida."

Kwa watu wengi sentensi hiyo ni kweli, na ndiyo maana inaaminika. Lakini kuna wanawake ambao inawaumiza: wale waliotoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Kwao TSH inaweza kusomeka kawaida kabisa kwenye karatasi huku mwili unazimika polepole kama taa iliyoishiwa mafuta. Wanaambiwa ni uchovu wa kulea, ni mawazo, ni ndoa. Wengine wanapelekwa kuombewa, wengine wanapelekwa kwa mganga, na karatasi ya majibu iko kwenye pochi imekunjwa, imeandikwa "kawaida".

Upande wa pili kuna sentensi ya kinyume: "TSH imepanda kidogo, una ugonjwa wa thairoidi, anza dawa, hiyo ni ya maisha." Hiyo nayo nitaifikia.

Ukitazama vizuri, makosa haya mawili mama yao ni mmoja. Namba moja inasomwa peke yake, bila mwenzake na bila historia ya mwenye mwili. Twende taratibu.

POSTI YA 2: Jiko na anayepepea

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoitwa thairoksini, ambayo ndiyo moto wa mwili: inaamua moyo upige kwa kasi gani, tumbo lisukume chakula kwa kasi gani, usikie baridi au joto. Kipimo kinachoandikwa FT4 (kwenye karatasi nyingine Free T4) kinapima thairoksini iliyo huru kwenye damu, ile ambayo mwili unaweza kuitumia sasa hivi.

Lakini thairoidi haijiamulii yenyewe. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama njegere inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi, na amri yenyewe ndiyo TSH. Mnanisikia? TSH haitoki kwenye thairoidi. TSH inatoka kwenye pituitari.

Sasa chukua jiko la mkaa. Mkaa ni thairoidi. Joto la sufuria ni FT4. Anayepepea ni pituitari, na nguvu anayopepea ndiyo TSH. Moto ukipungua, anapepea kwa nguvu, TSH inapanda. Moto ukizidi, anaacha kupepea, TSH inashuka. Na huyu mpepeaji ana macho makali. Joto likishuka kidogo tu anapepea mara nyingi zaidi. Ndiyo maana madaktari wanaipenda TSH, kwa sababu inaonyesha shida ya mkaa mapema, hata kabla sufuria haijapoa.

Lakini jiulize. Je, anayepepea mwenyewe akiwa amezimia? Ukimtazama mkono wake tu, utajuaje kama sufuria ni ya moto?

POSTI YA 3: Sura tatu za majibu

Hapa nawaomba utulivu kidogo, namba zinakuja, lakini ni chache.

Maabara nyingi huandika TSH ya kawaida kwa mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4.0, na FT4 kama 12 hadi 22 ikiwa inapimwa kwa pmol/L. Usikariri hizi namba zangu. Soma zilizochapishwa pembeni ya majibu yako, maana mashine zinatofautiana na vipimo vyenyewe vinatofautiana. Kuna maabara inapima FT4 kwa ng/dL, na hapo 1.2 ni sawa tu, haina maana ya kuwa chini ya 12. Na mjamzito ana viwango vyake, asilinganishwe na asiye mjamzito.

Sura ya kwanza: TSH iko juu sana, FT4 iko chini. Mfano TSH 48, FT4 5. Mpepeaji anapepea mpaka jasho linamtoka, lakini mkaa umelowana. Shida iko kwenye thairoidi yenyewe. Hii inagundulika kirahisi, na TSH peke yake ingetosha kukushtua.

Sura ya pili: TSH imepanda kidogo, FT4 bado ni kawaida. Mfano TSH 5.8, FT4 15. Mpepeaji ameongeza nguvu kidogo, na sufuria bado ni ya moto. Thairoidi inaweza kuwa imeanza kuchoka, au imetikisika tu kwa muda. Ni hali ya chini kwa chini, ambayo bado haijawa ugonjwa kamili.

Sura ya tatu ndiyo iliyonileta hapa: FT4 iko chini, lakini TSH haijapanda. Inaweza kuwa chini, inaweza kuwa katikati kabisa ya kawaida, na mara nyingine imepanda kidogo tu, kwa sababu pituitari iliyoumia inaweza kutoa TSH dhaifu ambayo mashine inaihesabu lakini thairoidi haiitikii vizuri. Sufuria imepoa, na mpepeaji anapunga mkono taratibu kana kwamba hakuna kitu. Mkaa ni mzima. Anayeumwa ni mpepeaji.

Ona sasa. Mwenye FT4 ya chini alitakiwa awe na TSH iliyoruka juu. Akiwa na TSH ya 2, hiyo 2 kwake ni dalili ya ugonjwa. Namba ni ileile aliyonayo jirani yake mzima, ila maana yake imegeuka.

POSTI YA 4: Mama mmoja, karatasi tatu

Nawapa kisa. Jina sitaji, na mahali sitaji.

Mama wa miaka 31, mtoto wa pili. Alijifungua kawaida, kondo la nyuma likachelewa kutoka, akavuja damu mpaka akapoteza fahamu. Presha haikusikika kwa muda. Aliongezewa damu chupa nne, akapona, kila mtu akamshukuru Mungu, akarudi nyumbani na mtoto wake.

Maziwa hayakutoka. Si kwamba yalikuwa kidogo, hayakutoka kabisa, matiti hata hayakujaa. Wifi yake akasema hataki kunyonyesha, anataka kubaki na umbo lake. Akapewa uji wa kila aina, supu ya pweza, karanga, mtori. Hakuna kitu.

Mwaka ukapita hajaona siku zake. Akafikiri ni mimba, akapima, hakuna. Mwaka wa pili akaanza kuvaa sweta mchana, na huko kwao ni joto. Choo kigumu. Akisimama ghafla kizunguzungu. Nywele za kwapani zikapungua, na hilo alilifurahia, akaona amepumzika na wembe. Uso ukapauka, akapewa dawa za kuongeza damu.

Karatasi ya kwanza: TSH 2.1. Akaambiwa thairoidi iko sawa, apumzike, apunguze mawazo.

Karatasi ya pili, miezi minane baadaye, kituo kingine: TSH 1.9. Akaambiwa vilevile. Sasa ameshapima mara mbili, nani atamsikiliza tena? Hata mume wake akaanza kuamini kwamba mke wake anaigiza.

Karatasi ya tatu ilipatikana kwa sababu daktari mmoja kijana alimuuliza swali ambalo halipo kwenye fomu ya maabara: "Mama, ulipojifungua mara ya mwisho ilikuwaje?" Akasimulia. Daktari akaandika TSH na FT4 pamoja. Majibu: TSH 2.0, FT4 7.4, na maabara ile kawaida yake inaanzia 12.

Sura ya tatu, waziwazi. Na uwezekano mkubwa ni kwamba karatasi ya kwanza ingeonyesha hivyohivyo, kama kuna mtu angeomba kipimo cha pili.

POSTI YA 5: Damu na njegere

Watu wananiuliza, damu imetoka huku chini, kichwani kumeharibika nini?

Wakati wa ujauzito pituitari inavimba, maana inaandaa chembe nyingi za kutengeneza homoni ya maziwa. Inakuwa kubwa, inahitaji damu nyingi, na damu yake ya mbele inapita kwenye mishipa midogo yenye msukumo mdogo. Sasa mama akivuja damu mpaka presha ikaporomoka, mwili unaipa damu mioyo na ubongo kwanza, na hii njegere iliyovimba inakosa. Ikikosa kwa muda wa kutosha, sehemu yake ya mbele inakufa. Haioti tena.

Daktari Mwingereza aliyeitwa Harold Sheehan aliieleza hali hii mwaka 1937, na mpaka leo inaitwa ugonjwa wa Sheehan. Kwenye nchi ambako mama anavuja damu akiwa karibu na damu ya kuongezewa, wanaiona mara chache sana. Kwetu, ambako mama anaweza kuvuja njiani kwenye bodaboda au kwenye bajaji akisubiri kivuko, hatuna ruhusa ya kuisahau.

Na hii ndiyo sababu dalili za yule mama zinapangana. Pituitari haitoi TSH tu. Inatoa pia homoni ya maziwa, kwa hiyo maziwa hayakutoka. Inatoa homoni zinazoamrisha mayai, kwa hiyo siku zake zilipotea. Inaamrisha tezi zilizo juu ya figo, kwa hiyo nywele za kwapani zilipungua na kizunguzungu kikaja. Mtu mmoja analalamika vitu vitano, tunampa dawa tano, kumbe mzizi ni mmoja.

Inaweza kujitokeza wiki za mwanzo, inaweza kuchukua miaka. Ndiyo maana swali la "ulijifunguaje" haliishi muda wake, hata mtoto akiwa darasa la tatu.

POSTI YA 6: "Lakini nesi, TSH ndiyo kipimo cha kwanza"

Najua wenzangu wa kada hii wapo hapa, na nimeshaanza kuona komenti. Nawajibu kwa heshima.

Ni kweli, TSH ndiyo kipimo cha kwanza. Matatizo mengi ya thairoidi yanaanzia kwenye thairoidi yenyewe, na hapo TSH inayaona mapema kuliko FT4. Ni kweli pia kwamba kipimo cha pili ni hela, na sisi sote tunajua mgonjwa anayehesabu nauli. Sisemi kila anayechoka apimwe vyote. Tungefilisi familia bure.

Ninachosema ni kwamba kanuni ya "TSH kwanza" ina sharti lililojificha ndani yake: inadhani pituitari ni nzima. Kwa mama aliyevuja damu mpaka kuzimia na maziwa yakakataa, sharti hilo limevunjika. Ukiendelea kutumia kanuni ileile kwake, unapima kwa mizani iliyokatika kamba halafu unasema uzito ni sawa. Na kumpima TSH mara mbili, mara tatu, ni hela iliyotupwa mara mbili, mara tatu. FT4 moja ilikuwa rahisi zaidi kuliko miaka miwili ya dawa za kuongeza damu.

Kuna kosa lingine linalokera zaidi. TSH inarudi 0.2, iko chini, mtu anasema haraka, "TSH chini, thairoidi inafanya kazi kupita kiasi," anataka kuandika dawa ya kuipunguza. Subiri! Thairoidi iliyozidi ina TSH chini na FT4 juu. TSH chini na FT4 chini ni kitu kingine kabisa. Ukimpa huyu wa pili dawa ya kupunguza thairoidi, unamwagia maji jiko ambalo tayari linazimika.

Na ili nisiwadanganye: FT4 ya chini na TSH isiyopanda haimaanishi Sheehan kila mara. Mgonjwa aliyelazwa hoi kwa ugonjwa mkali wowote anaweza kutoa majibu yaliyopinda kwa muda, bila ugonjwa wa thairoidi wala wa pituitari. Dawa kama steroidi nazo zinaishusha TSH. Kwa hiyo sura ya tatu ni amri ya kuendelea kutafuta. Usijipe ugonjwa kwa karatasi moja.

POSTI YA 7: Hapa ndipo mtu anaweza kufa

Kama mtasoma posti moja tu, someni hii.

Yule mama alipopata majibu ya FT4 7.4, ndugu yake mmoja akasema, "Si homoni imepungua? Twende duka la dawa tukanunue." Na kuna mahali waliambiwa kweli waanze levothairoksini maikrogramu 100 kila asubuhi. Levothairoksini ni dawa nzuri, ni thairoksini yenyewe katika kidonge. Kwa mwenye sura ya kwanza inarudisha maisha.

Lakini kwa mwenye pituitari iliyokufa kuna swali linalotangulia: kotisoli ipo?

Kotisoli ni homoni ya tezi za juu ya figo, na tezi hizo nazo zinasubiri amri ya pituitari. Ni homoni inayokushikilia usianguke ukiumwa, ukifunga, ukishtuka. Mwili uliopoa unatumia kotisoli kidogo, kwa hiyo mama anaweza kutembea miaka na akiba ndogo. Sasa mpe thairoksini ghafla. Moto unawaka, mwili unadai zaidi, na kotisoli kidogo iliyokuwepo inavunjwavunjwa kwa kasi. Akiba inaisha. Anatapika, presha inaporomoka, sukari inashuka, anazimia. Familia inasema dawa ya hospitali imemuua, na kwa mpangilio ule watakuwa hawajakosea sana.

Yule daktari kijana alikataa kuanza. Alimtoa damu saa 2 asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo kotisoli inatakiwa kuwa juu. Ikarudi 58 nmol/L. Kwa asubuhi, chini ya 100 ni dalili nzito kwamba haitoshi. Sodiamu nayo ilikuwa chini. Homoni ya maziwa ilikuwa chini. Baadaye picha ya MRI ikaonyesha kikalio cha pituitari kikiwa karibu kitupu.

Akaanzishwa haidrokotisoni kwanza. Siku chache baadaye, presha imetulia na kizunguzungu kimepungua, ndipo levothairoksini ikaanza, kwa dozi ndogo ikipandishwa taratibu. Mpangilio ni huo: kotisoli kwanza, thairoksini baadaye. Hata pale ambapo kipimo cha kotisoli hakipatikani na dalili zinaelekeza huko, daktari humkinga mgonjwa kwa haidrokotisoni kabla ya thairoksini. Hili haliamuliwi na shemeji, haliamuliwi na duka la dawa, wala halitaamuliwa kwenye komenti zangu.

POSTI YA 8: Na wale wanaotishwa na 5.8

Sasa nageukia upande wa pili, maana huko nako wamama wanaumizwa, ila kwa namna nyingine.

Mama ana mtoto wa miezi saba. Amechoka, nywele zinatoka, na nani mwenye mtoto wa miezi saba hajachoka? Anapima kifurushi cha "vipimo vya mwili mzima". TSH 5.8. Hajaonyeshwa FT4. Anaambiwa thairoidi imekufa, anauziwa dawa na virutubisho, anaambiwa ni maisha yake yote.

Kwanza, FT4 iko wapi? Ikiwa 15, sufuria ni ya moto. Hiyo ni sura ya pili. Pili, miezi ya kwanza baada ya kujifungua ni kipindi ambacho thairoidi ya baadhi ya wanawake hushambuliwa na kinga ya mwili. Mara nyingi inaanza kwa kumwaga homoni nyingi, halafu inapungua, halafu kwa wengi inarudi yenyewe ndani ya mwaka. Ukipima katikati ya safari hiyo unakuta namba iliyopinda. Kwa hiyo kwa mtu asiye mjamzito, hatua ya kawaida ni kurudia TSH na FT4 baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi watakuta imeshuka yenyewe. Ikibaki juu, daktari anaweza kupima kingamwili dhidi ya thairoidi ili kujua kama itaendelea kupanda. Ikifika 10 au zaidi na kubaki huko, mazungumzo ya dawa yanakuwa na uzito. FT4 ikishuka, hapo umeingia sura ya kwanza, na dawa haina mjadala.

Kuna wawili ambao hawaruhusiwi kusubiri hiyo miezi mitatu: mjamzito, na anayetafuta mimba. Mtoto tumboni anategemea thairoksini ya mama, hasa miezi ya mwanzo. Huyo mwenye TSH 5.8 na mimba ya wiki nane aende kliniki wiki hii.

Na neno kwa wapenzi wa vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini kwa kiwango kikubwa, na biotini inazichanganya mashine nyingi za maabara: inaweza kuonyesha TSH ya chini ya uongo na FT4 ya juu ya uongo. Waambie maabara unavitumia, na uviache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Dozi kubwa zinahitaji muda zaidi.

POSTI YA 9: Baada ya dawa, mtego wa mwisho

Yule mama alirudi mtu. Sweta limekaa kabatini, choo kimelainika, anacheka. Siku zake bado zinahitaji homoni nyingine, na hilo linaendelea na mtaalamu wa homoni. Lakini miezi sita baadaye karibu arudishwe shimoni, na mlango ulikuwa uleule.

Alikwenda kuchukua dawa kituo cha karibu. Wakampima TSH tu. Ikarudi 0.05. "Mama, dozi imezidi, punguza nusu." Alinitumia picha ya karatasi. Nikamwambia asiguse dozi mpaka aongee na daktari wake. FT4 ilipopimwa ilikuwa 17, sawasawa kabisa.

Kwa mwenye sura ya kwanza, TSH ndiyo inayoongoza dozi. Unaanza dawa au unabadilisha dozi, unapima tena baada ya wiki sita hadi nane. Kwa mwenye sura ya tatu, TSH haina kazi tena ya kuongoza. Mpepeaji amelala, na akiona moto unatoka mahali pengine anaacha hata kile kidogo. Kwake tunafuata FT4, tukitaka iwe nusu ya juu ya kiwango cha kawaida. Na haidrokotisoni haiachwi ghafla hata siku moja. Akipata homa kali dozi inaongezwa kama alivyoelekezwa, na akitapika mpaka vidonge havikai, hiyo ni dharura ya sindano. Anatembea na kadi iliyoandikwa hivyo.

Sasa nawaachia maneno ya kusema dirishani, yaandike kwenye simu:

"Nilipojifungua nilitoka damu nyingi, niliongezewa damu. Maziwa hayakutoka. Siku zangu hazijarudi. Naomba TSH na FT4 kwa pamoja, na kama FT4 iko chini naomba kotisoli ya asubuhi kabla sijaanza dawa yoyote."

Ukiyasema hayo hujamfundisha daktari kazi. Umempa historia ambayo karatasi haina, na daktari mzuri atakushukuru. Na wewe mhudumu mwenzangu unayeandika "kawaida" kwenye jalada la mama wa namna hii bila FT4, nakuomba ufute neno hilo. Andika "TSH 2.1, FT4 haijapimwa". Hapo utakuwa umesema kweli, na atakayemwona kesho atajua kazi ilipoishia.

Maswali ya jumla wekeni chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Picha za majibu msiweke hadharani, zina majina yenu.